Arobaini Kitabuni, Arobaini na Moja Ghalani

Jumamosi ya pili ya Desemba, baada ya sala ya Alasiri, nitakaa kwenye baraza ya mjomba wangu pale Mikindani, nitafungua kitabu nilichokiandika mwenyewe, nitasoma kurasa nne, kisha nitakifunga. Kitabu kinaitwa *Gunia la Arobaini na Moja*. Ni riwaya yangu ya kwanza. Tangazo lenyewe ndilo hilo, na mwenye haraka anaweza kuishia hapa.

Usiye na haraka, vuta kigoda. Riwaya niliiandika miaka minne na sikulalamika. Tangazo lake, lenye maneno yasiyofika sitini, lilinikosesha usingizi wiki tano.

Toleo la kwanza nililiandika usiku ule ule nilioambiwa nakala zimetoka mtamboni Dar es Salaam. Furaha ilinizidi. Nikaandika aya nne ndefu, nikazituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, ambako kwa kawaida tunachangiana harusi na kupeana habari za misiba. Nilianza vizuri: kulikuwa na karani wa chama cha msingi, msimu wa korosho, ghala la kijiji. Nikaendelea. Aya ya tatu nikajikuta nimeandika "kumbe". Neno hilo likishaingia kwenye tangazo la kitabu, ujue kitabu kimeisha. Hakuna "kumbe" isiyofichua kitu.

Asubuhi nikakuta sauti ya mjomba, dakika moja na nusu, jogoo wanawika nyuma yake.

"Mjomba, hongera sana. Umetutoa kimasomaso. Kwa hiyo kumbe ni yule! Mimi nilimshuku tangu pale mwanzo. Sasa ile nakala yangu mpe mtu mwingine bwana, mimi nimeshamaliza."

Hakuwa anatania. Nikaufuta ujumbe kabla watu wengi hawajauamkia, lakini mjomba alishaumeza. Mpaka leo, ukiacha mhariri na mpanga kurasa, ni yeye peke yake anayejua mwisho bila kuusoma, na amekuwa akinitoza soda kila wiki ili asiuseme.

Nilichojifunza kwenye sauti ile ni kwamba alinipongeza, na hakuniuliza swali hata moja. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilipima kila toleo kwa kinachomtoka mtu mdomoni baada ya kulisikia. Akisema hongera akanyamaza, umemsimulia hadithi yote. Akiuliza kinahusu nini, hujamwambia kitu. Lakini akianza kubuni, akakwambia "bila shaka ni fulani huyo", basi umempata, na hapo nyamaza.

Toleo la pili lilinipeleka kwenye kosa la upande wa pili, kama wafanyavyo wote waliotoka kuungua. Nikaficha kila kitu. Nikaandika: "Riwaya ya kusisimua, iliyosheheni siri nzito, usaliti, machozi na mapenzi, ambayo hutaweza kuiweka chini." Niliona nimeweza. Nikamsomea kijana wa bodaboda aliyekuwa ananipeleka Mtwara mjini, tukiwa tumesimama kujaza mafuta. Akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akafunga kifuniko cha tangi, akasema, "Sawa kaka. Ila kinahusu nini?"

Nikarudi nyumbani nikafanya jaribio moja rahisi. Nikafuta jina la kitabu changu kwenye tangazo, nikaandika pale jina la kitabu cha kubuni kuhusu wavuvi wa Msimbati. Tangazo likakaa vizuri tu. Nikaandika jina la kitabu kuhusu mwanafunzi aliyepotea. Likakaa pia. Maneno yanayotosha kila kitabu ni kama koti la mitumba la saizi ya wote: hakuna linayemkaa. Siri ipi? Usaliti wa nani? Mtu hawezi kuwa na hamu ya kujua kitu ambacho hajaonyeshwa hata ukucha wake.

Aliyenitoa kwenye mkwamo ni bibi, mama yake mjomba, na wala hakukusudia. Jioni moja umeme umekatika, wajukuu wamejazana barazani, bibi ameweka ming'oko ya kuchemsha kwenye sinia, anawategea vitendawili.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nyumba yangu haina mlango."

Wakubwa wakajibu kwa pupa kwamba ni yai. Lakini kulikuwa na mjukuu mmoja wa miaka mitano ambaye hakuwa amewahi kukisikia. Nilimtazama usoni. Aliacha kutafuna. Alikuwa anaiona nyumba kabisa, anaizunguka kichwani mwake akitafuta pa kuingilia.

Nikajiuliza: bibi angesema "nina kitu cha ajabu sana, hamjawahi kukiona", yule mtoto angeacha kutafuna? Asingeacha. Kitendawili hakifichi kila kitu. Kinakupa kitu unachokijua, nyumba, tena kinakupa waziwazi, halafu kinakuonyesha kasoro moja isiyotakiwa kuwepo. Kinachofichwa ni kimoja tu. Na jambo la pili nililoliona usiku ule: kitendawili hakidanganyi. Yai kweli ni nyumba, na kweli halina mlango. Ukishajibiwa huoni kama umelaghaiwa.

Basi nikarudi kwenye riwaya yangu kuitafuta ile nyumba na ule mlango usiokuwepo.

Riwaya inatokea kwenye msimu wa kwanza wa stakabadhi ghalani huku kwetu, 2007, na kwa asiyekuwa wa kusini nieleze kidogo. Mkulima analeta korosho zake chama cha msingi. Zinaangaliwa ubora, zinapimwa kwenye mizani, zinatiwa kwenye magunia ya takribani kilo themanini, na karani anamwandikia jina na kilo zake. Korosho zinakwenda kwenye ghala kuu na kuuzwa kwa mnada. Mkulima anarudi nyumbani na karatasi, si fedha. Msimu ule wa kwanza watu walikuwa wanailalia ile karatasi chini ya mto. Mimi nilikuwa kijana wa kuhesabia magunia mlangoni, najua harufu ya ghala la korosho likishajaa, na najua jinsi kichwa kinavyouma hesabu isipolingana jioni.

Sasa, kila mtu kusini anajua hadithi ya magunia yaliyopungua. Ukisema magunia yamepotea ghalani, msikilizaji anapiga miayo. Ameshamjua mwizi kabla hujamaliza sentensi. Kwenye kitabu changu hesabu haikupungua. Ilizidi. Daftari la karani linasema magunia arobaini. Ghalani yamo arobaini na moja. Gunia moja halina jina, halina karatasi, na ingawa korosho ni fedha, hakuna mtu kijijini anayelidai.

Nikaandika sentensi tatu, nikarudi kwa yule kijana wa bodaboda. Safari hii nilimsomea akiwa amepaki chini ya mkorosho.

"Daftari linasema magunia arobaini. Ghalani yamo arobaini na moja. Kijiji kizima kina shida ya fedha, na hakuna anayesema gunia ni lake."

Akakaa kimya. Kisha: "Kangomba hiyo."

Kwa mgeni: kangomba ni ule ununuzi wa kificho wa korosho kwa vipimo vya kienyeji, mtu akibanwa na shida kabla msimu haujaiva. Nikamwambia mimi sisemi. Akaendelea mwenyewe: "Lakini mtu wa kangomba angeacha gunia zima? Aa-aa. Labda kuna kitu humo ndani." Nikapanda bodaboda, tukaondoka, na njia nzima alikuwa anageuza kichwa kunipa majibu mapya mpaka nikahofia roho yangu. Sikumwambia kama amepata au amekosa, na wewe sikwambii.

Ilibaki kuamua mpaka wa kusema. Kitabu kina kurasa 176. Nilijiwekea sheria kwamba hakuna kitakachotoka hadharani, kwenye tangazo wala mazungumzo, kilicho baada ya ukurasa wa ishirini. Sababu yake ni hii: gunia linaonekana ukurasa wa kumi na moja. Msomaji angelikuta mwenyewe ndani ya nusu saa ya kwanza, kwa hiyo nikimwambia sijamwibia. Nikimwambia kilicho ukurasa wa themanini, nimemwibia saa tatu za kubahatisha, na kubahatisha ndiko kusoma kwenyewe.

Nilidhani nimemaliza. Kumbe (hapa ruksa, hili si tangazo) kitabu chenyewe kilikuwa kinavuja.

Kilivuja kwanza kwenye jalada. Mchoraji, kijana hodari wa Chikongola, aliniletea mchoro mzuri ajabu: gunia limeegemea ukuta, mshono umefumuka kidogo, na katika ule ufa kuna kitu kinachungulia. Hakuwa amekosea, kitu kile kimo kwenye kitabu. Ila kimo ukurasa wa sitini na tatu. Nikamwomba alishone gunia. Akashangaa, akasema kwamba bila kile kitu picha haina jambo. Nikamwambia jambo ni ule mshono. Nikamwonyesha kwa mikono: gunia la korosho linashonwa mdomoni kwa sindano ndefu iliyopinda ncha na uzi wa katani, na pembeni mshonaji anaacha masikio mawili ya kushikia. Kila mshonaji ana mkono wake. Yupo anayeshona mishono mirefu ya haraka, yupo anayerudia kila pembe mara mbili. Mtu aliyekaa ghalani anaweza kukwambia gunia limeshonwa na nani bila kusoma alama. Basi achore magunia matatu, mawili mshono mmoja, la tatu mshono tofauti. Alichora. Ukiliangalia jalada kwa haraka utaona magunia tu. Ukiliangalia tena utaona.

Kilivuja pia kwenye ukurasa wa yaliyomo. Sura zangu zilikuwa na majina, na nilijivunia majina yale, lakini sura ya kumi na saba ilikuwa inaitwa kwa tukio lenyewe, na nani alikuwemo. Msomaji anayepekua dukani huanzia hapo hapo. Majina yote nikayafuta, zikabaki namba.

Uvujaji ulionitia aibu zaidi ulikuwa kwenye shukrani. Niliziweka mwanzoni kama ilivyo desturi, na humo nilimshukuru mtu mmoja kwa kazi yake, kwa kunieleza jambo fulani la kitaalamu. Mpanga kurasa ndiye aliyenipigia: "Kaka, ukimshukuru mtu wa kazi hiyo ukurasa wa tano, mimi nimeshajua gunia lina nini." Alikuwa sahihi. Shukrani zimehamia mwisho wa kitabu. Kama una tabia ya kuanzia nyuma, nakuomba ujizuie.

Jalada la nyuma halikunisumbua sana, maana pale chini kulia panakaa mistari ya ISBN, namba tuliyopewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, na nafasi iliyobaki ilinilazimisha kuwa na maneno machache. Nimeweka sentensi zile zile tatu, na ya nne inayosema ukweli kuhusu aina ya kitabu. Hiyo ya nne mhariri ndiye aliyenisisitizia. Sentensi tatu za gunia zinaweza kumfanya mtu ategemee polisi, bastola na kukimbizana kwenye mikorosho usiku. Hakuna bastola kwenye kitabu hiki. Kuna karani mwenye miaka hamsini na kitu, mke wake, daftari, na kijiji kinachomtazama. Anayetaka bastola akinunua kwa kudhania atanilaani ukurasa wa arobaini, na atawaambia wenzake, tena kwa haki. Kitendawili hakidanganyi.

Halafu kuna suala la hafla yenyewe. Kwetu uzinduzi wa kitabu haukamiliki bila mchambuzi, na mchambuzi mwenye moyo ndiye hatari kuliko wote. Niliwahi kuhudhuria uzinduzi mmoja katika chuo fulani, miaka iliyopita. Mchambuzi alisimama akamsifu mwandishi, akaeleza dhamira, wahusika na mandhari, kisha kwa nia njema kabisa akatueleza mhusika mkuu alikufaje na kwa nini kifo chake kina falsafa. Tulipiga makofi. Nilimwona mwandishi anatazama meza yake ya vitabu. Watu walipita mbele ya ile meza wakielekea kwenye sambusa. Hata mimi, nikiri, sikununua, ningenunua nini?

Mchambuzi wangu ni mwalimu aliyenifundisha Kiswahili kidato cha pili. Nilikwenda kwake na juzuu ya kurasa ishirini za mwanzo tu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Zilizobaki ziko wapi?"

"Utapewa siku ile ile, baada ya kuzungumza."

Akavua miwani. "Unanifunga mdomo, kijana?"

Nikamwambia hapana, namwomba azungumzie mizani. Kwenye kurasa zile ishirini kuna jioni moja ya kupima korosho, imeelezwa kwa urefu: mkulima anavyoukodolea macho mshale, karani anavyotoa kilo moja ya uzito wa gunia lenyewe, mtu anavyoomba irudiwe kwa sababu ya nusu kilo. Mwalimu baba yake alikuwa mkulima wa Newala. Alinyamaza kidogo, akafungua ukurasa, akaanza kupiga mistari kwa penseli. Nadhani hotuba yake itakuwa nzuri kuliko kitabu.

Sehemu nitakayosoma nimeijaribu mara tatu kwa majirani, nikiwa na saa ya simu mbele yangu. Mara ya kwanza nilisoma kurasa tisa. Dakika kumi na mbili. Dakika ya saba watoto walianza kusukumana na jirani mmoja akakumbuka mboga iko jikoni. Sasa nasoma kurasa nne, dakika sita hivi, kuanzia karani anapohesabu mara ya kwanza mpaka anapohesabu mara ya tatu na kuomba aletewe kisu. Naishia pale pale kwenye kisu. Nilipojaribu kusoma mstari mmoja zaidi, gunia likiwa limeanza kufunguliwa, majirani walipumua na kuegemea nyuma. Nilipoishia kwenye kisu, jirani mwenye mboga alisema, "Wewe! Endelea basi!" na harufu ya kuungua ilishaanza kutoka kwake.

Gari la matangazo litapita siku mbili kabla, Mikindani na mitaa michache ya Mtwara. Nililifuatilia siku moja likitangaza mambo mengine, nikagundua kwamba mtu aliyekaa kwenye baraza yake anasikia vizuri sentensi mbili tu kabla gari halijakata kona. Kwa hiyo mtangazaji hatataja jina langu, nani ananijua? Ataanza na magunia. Kwenye WhatsApp ni hivyo hivyo: ujumbe ukirefuka, simu inaukata na kuweka "Soma zaidi", na wengi hawabonyezi. Magunia yamekaa juu, mimi na tarehe tumekaa chini.

Hivi ndivyo litakavyosomwa, neno kwa neno:

"Daftari linasema magunia arobaini. Ghalani yamo arobaini na moja. Kijiji kizima kina shida ya fedha, na hakuna anayesema gunia ni lake. *Gunia la Arobaini na Moja*, riwaya ya karani, mkewe na msimu mmoja wa korosho. Jumamosi ya pili ya Desemba, saa kumi na nusu jioni, barazani Mikindani. Hakuna kiingilio."

Tumechagua Desemba kwa sababu wengi watakuwa wameshalipwa korosho zao, na saa hiyo ili tumalize kabla ya Magharibi. Zimeletwa nakala mia tatu kwa basi, maboksi sita, moja limelowa pembeni na nakala zake kumi na moja zimevimba. Hizo nitaziuza nusu bei kwa asiyejali. Nzima ni shilingi 10,000. Bibi amenitania kwamba hiyo ndiyo mji wangu: mkishindwa kutegua, mnanipa mji, nami nawapa jibu lenye kurasa 176.

Yeye mwenyewe hajasomewa hata ukurasa. Amesema atakaa mbele siku hiyo, na kwamba ameshajua gunia ni la nani. Nimemuuliza ni nani, akanitajia jina. Nikabaki namtazama nikijitahidi uso wangu usiseme kitu, na mjomba, pale pembeni na soda yake, akaangua kicheko. Siku ya hafla mtamkuta mlangoni anapanga viti. Tafadhali msimuulize chochote.